Rezolusheni inayojibadilisha na kingo zinazometameta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hii ni kwa wanaotengeneza gemu, hasa mnaoshika injini wenyewe au mnaochezea mipangilio ya injini ya watu mpaka ndani kabisa. Mfano nitakaoutumia ni mmoja tu kuanzia juu mpaka chini ili namba zisituchanganye: gemu ya 3D, skrini ya 1920×1080, lengo ni fremu 60 kwa sekunde, kompyuta ni laptop ya kawaida tu isiyo na maajabu.

Hii kitu inafanya nini hasa?

Fremu 60 kwa sekunde maana yake una milisekunde 16.67 za kumaliza kila fremu, basi. Ukichelewa hata kidogo na V-Sync imewashwa, fremu yako inangoja zamu inayofuata ya skrini na ile ya zamani inaonyeshwa mara mbili, mchezaji anahisi gemu limeshtuka. Sasa badala ya kuacha fremu zianguke, unapunguza idadi ya pikseli za ile dunia ya 3D pale kazi inapokuwa nzito, unaikuza picha irudi 1920×1080, halafu maandishi, ramani na vitufe unavichora juu yake kwa rezolusheni kamili. Hivyo vya mwisho usiviguse kabisa, manake mtu akiona herufi zina ukungu ndo anagundua kila kitu.

Na sio mambo ya juzi, WipEout HD kwenye PS3 mwaka 2008 ilikuwa inabana upana wa picha pale mambo yakiwa mengi ili ibaki fremu 60. Tofauti ya sa hivi iko kwenye kukuza, na humo ndo kingo zinapoharibika.

Nikipunguza skeli kwa asilimia 30 napata spidi asilimia 30?

Hapana, na huku ndiko wengi wanaanzia vibaya. Skeli inapunguza upana na urefu vyote, kwa hiyo skeli 0.7 inakuacha na pikseli 0.49, karibu nusu. Lakini pia sio kazi yote ya GPU inafuata pikseli, kuna ramani za vivuli, kuna kuchakata vipeo vya modeli, kuna vitufe vya juu, hivyo vinakula muda uleule hata ukichora dunia kwenye kadirisha kadogo. Kwa hiyo muda wa fremu uko hivi:

```
muda = F + P * s * s
```

F ni ile sehemu isiyojali rezolusheni, P ni sehemu ya pikseli ukiwa kwenye skeli 1, s ni skeli.

Kuzipata ni rahisi. Simamisha kamera sehemu moja, pima muda wa GPU kwenye skeli 1, kisha pima palepale kwenye skeli 0.5. Tuseme ya kwanza imetoka 17.2 ms na ya pili 7.45 ms. Tofauti ni 9.75, na tofauti hiyo ni robo tatu ya P, kwa hiyo P ni 13 na F ni 4.2. Tayari unajua kwamba hata ukishusha mpaka chini kabisa hutapata fremu ya chini ya 4.2 ms, na kama kwako F ni 14 basi acha hii njia kabisa, kashughulike na vivuli na modeli zako.

Nilenge 16.67 kamili?

Usifanye hivyo. Lenga kama 15, ile ya juu ni akiba ya mishtuko midogo. Kwa mfano wetu s² inakuwa (15 − 4.2) ÷ 13, yaani 0.83, na s ni kama 0.91. Hiyo ni picha ya takriban 1750×984, na kama ukuzaji wako ni mzuri hakuna mtu atakayejua. Zungusha vipimo viangukie kwenye mafungu ya 8, kwa sababu sheda nyingi za kompyuti zinagawa picha kwa vigae vya 8×8, na pia inakuzuia usibadilishe rezolusheni kwa tofauti ya pikseli mbili ambayo haina faida yoyote.

Kidhibiti changu cha skeli kinapandisha na kushusha picha kama kimechanganyikiwa, shida nini?

Kwa kawaida shida ni kwamba vipimo vya GPU vinakufikia vimechelewa. Unaweka alama za muda mwanzo na mwisho wa fremu, lakini majibu unayasoma fremu mbili au tatu baadaye kwa sababu GPU iko nyuma ya CPU. Ukiwa hujalizingatia hilo unakuwa mtu anayeongeza chumvi kabla ile ya kwanza haijakolea.

Tuone kwa namba. Umetulia kwenye s 0.91, ghafla bomu linalipuka, moshi umejaa skrini, P inaruka kutoka 13 mpaka 22. Fremu sasa inachukua kama 22.5 ms. Kidhibiti kikiona hiyo kinajua pikseli zipungue mpaka asilimia 59 ya zilizopo, sawa, s inakuwa 0.70, na hilo ndo jibu sahihi kabisa. Lakini fremu inayofuata bado inaleta kipimo cha zamani cha 22.5, kinapunguza tena, s 0.54, na ya tatu vilevile, s 0.41. Umeadhibu kosa moja mara tatu. Halafu vipimo vya kweli vinafika vinasema fremu ni nyepesi mno, kinapandisha kwa fujo, na mzunguko unaanza upya, mchezaji anaona picha inapumua.

Dawa ni kuhifadhi skeli iliyotumika kwenye kila fremu pamoja na namba ya fremu, na kipimo kikirudi unakipiga hesabu na skeli ya fremu hiyohiyo, sio skeli ya sasa:

```cpp
float s0 = skeliYaFremu[namba % 8];   // iliyochora fremu hii
float s2 = s0 * s0 * (lengo - F) / (gpuMs - F);
float mpya = clamp(sqrt(s2), 0.5f, 1.0f);
skeli = (mpya < skeli) ? mpya : lerp(skeli, mpya, 0.05f);
```

Ukiandika hivi, vipimo vitatu vya 22.5 vyote vinakupa jibu lilelile la 0.70, hakuna kuzama. Ule mstari wa mwisho ni makusudi: kushuka haraka, kupanda polepole. Ukichelewa kushuka fremu zinaanguka na kila mtu anaona, ukichelewa kupanda picha inakuwa laini kwa nusu sekunde zaidi na hakuna anayejali. Na kabla ya kugawa hakikisha `gpuMs` imezidi F kwa kiasi cha maana, la sivyo kwenye skrini ya menyu utapata namba za ajabu.

Kitu kimoja tu, zile fremu mbili tatu za mwanzo wa mlipuko umezipoteza, hamna kidhibiti kitakachoziokoa kwa sababu taarifa haijafika. Ila gemu lako ndilo linalolipua bomu, si ndio? Kwa hiyo linajua mapema, unaweza kushusha skeli fremu chache kabla moshi haujajaa. Watu wachache wanafanya hivi na inasaidia kuliko kuhangaika na fomula kali zaidi.

Nimeshusha mpaka 0.5 na bado fremu hazipandi!

Uwezekano wa kwanza ni kwamba CPU ndo inachelewa, fizikia au amri za kuchora zimekuwa nyingi, na hapo rezolusheni haina msaada hata ushushe mpaka pikseli moja. Ndo maana unapima muda wa GPU peke yake na sio muda wa fremu nzima, na kama GPU inamaliza kwa 8 ms huku fremu inatoka kila 20, mwambie kidhibiti akae kimya asiharibu picha bure.

Wa pili unawakuta sana wa simu. Simu inapoona GPU haina kazi nyingi inashusha kasi yake ili kutunza betri, kwa hiyo umepunguza pikseli, simu ikapunguza mwendo, na kipimo kikabaki 15 ms palepale. Kidhibiti kinadhani hakijafanya kitu kinashusha tena. Ukiona muda haubadiliki lakini simu imepoa na betri inakaa, ujue ni hiyo, weka kanuni kwamba kama fremu zinatoka kwa wakati hakuna kushusha hata kipimo kiwe karibu na lengo.

Kila skeli ikibadilika gemu linakwama kidogo, na pembeni kulia kunatokea mstari wa rangi za ajabu.

Hivyo ni vitu viwili. Kukwama ni kwa sababu unaunda bafa upya kila mara. Usifanye hivyo, unda bafa moja ya ukubwa wa juu kabisa mwanzoni, 1920×1080, na kila fremu uchore kwenye kona yake tu kwa ukubwa wa sasa. Kumbukumbu hutaokoa, lakini hukuja hapa kuokoa kumbukumbu.

Mstari wa pembeni unatokana na dawa hiyohiyo. Nje ya ile kona kuna mabaki ya fremu za zamani zilizokuwa kubwa, na sheda inayosoma pikseli za jirani kwa kuchanganya, kwa mfano ile ya ukungu au ya mng'ao wa taa, ikifika mwisho wa eneo lako inavuka mpaka na kuokota mabaki. Bana viratibu viishie nusu pikseli kabla ya mpaka, kwenye kila sheda inayosoma bafa hiyo, na ukisahau moja tu mstari unarudi.

Sawa, kumetameta kwa kingo kunatoka wapi?

Kunatoka kwenye ukweli kwamba kila pikseli inaangalia nukta moja tu. Ukingo wa paa ukipita katikati ya pikseli, pikseli inaamua ni paa au ni mbingu, hakuna nusu. Kamera ikisogea kidogo uamuzi unageuka, na kwa skeli ya 0.7 kila uamuzi huo unafunika eneo mara mbili la skrini, kwa hiyo kugeuka kunaonekana zaidi.

Ukuzaji wa fremu moja peke yake, kama FSR 1 iliyotoka 2021, hauwezi kulitibu hili. Unachora kingo vizuri kutoka kwenye ulichoipa, ila ukiipa kingo zinazogeukageuka itakuza na kugeukageuka kwake kwa usafi wa hali ya juu. Ndo maana inataka picha ambayo kingo zimeshalainishwa tayari.

Ukuzaji unaotumia fremu zilizopita, yaani DLSS 2 na kuendelea, FSR 2, XeSS, TSR ya Unreal, unafanya kitu tofauti kabisa. Kamera inasogezwa kila fremu kwa sehemu ya pikseli, hiyo ndo jita, kwa hiyo fremu ya leo inaangalia nukta hii na ya kesho nukta ya pembeni, na zote zinakusanywa kwenye bafa ya historia yenye ukubwa wa skrini kamili. Baada ya fremu kadhaa una nukta nyingi kwa kila pikseli ya skrini. Na kwa kuwa historia iko kwenye 1920×1080 siku zote, skeli ikibadilika yenyewe haiguswi, ndo maana ndoa ya hivi vitu viwili inafanya kazi.

Nimeweka ukuzaji wa namna hiyo lakini kingo zinatetemeka hata nikisimama.

Angalia jita kwanza. Ukubwa wake lazima upimwe kwa pikseli za picha ndogo unayochora, sio za skrini. Ukigawa kwa 1920 wakati unachora upana wa 1344, jita yako ni fupi kuliko pikseli, kuna sehemu haziangaliwi kamwe na ukingo unabaki na ngazi. Pia hakikisha unamwambia mkuzaji jita ileile uliyotumia kwenye fremu ileile, ukimpa ya fremu iliyopita picha nzima inatetemeka kidogokidogo.

Idadi ya nukta kwenye mzunguko nayo inategemea skeli. FSR 2 inatumia 8 mara uwiano wa upana uliozidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo ukikuza mara mbili ni nukta 32, na kwa skeli 0.7 ni kama 17. Kwa mkuzaji niliyeandika mwenyewe ningebaki na 32 muda wote kama skeli ya chini ni 0.5, kuliko kukata mzunguko katikati kila skeli ikicheza.

Ikitetemeka unapotembea tu na sio ukisimama, tatizo ni vekta za mwendo. Toa jita ndani yake, zihifadhi kama sehemu ya skrini na sio kwa pikseli ili skeli isizivuruge, na usisahau vitu vinavyosogezwa na sheda, hasa majani yanayopeperushwa na upepo, ambayo watu wengi wanaacha vekta yake ni sifuri.

Kila kitu kiko safi isipokuwa nyaya za umeme, zinawaka na kuzima.

Hili ndo swali ninalolipenda. Chukua waya uliolala, unene wake kwenye picha ndogo ni 0.3 ya pikseli. Jita inapanda na kushuka, kwa hiyo katika fremu 10 waya unaguswa kama mara 3. Kama ungekusanya tu bila kutupa kitu ungepata waya hafifu wa asilimia 30, na huo ungekuwa sahihi kabisa.

Lakini mkuzaji ana kinga dhidi ya mabaki ya picha za zamani. Kila fremu anaangalia pikseli 3×3 za sasa, anapata rangi ya chini na ya juu, na rangi ya historia ikiwa nje ya hapo anaibana irudi ndani. Sasa kwenye zile fremu 7 ambazo waya haukuguswa, 3×3 yote ni mbingu tupu, kwa hiyo historia yenye waya inaonekana ni uongo, inafutwa. Fremu inayofuata waya unaguswa, unarudi. Unawaka, unazima. Na skeli ikishuka unene unapungua zaidi, kwa hiyo hali inakuwa mbaya pale pale gemu lilipochangamka.

FSR 2 inajaribu kulitatua kwa kufunga pikseli zenye vitu vyembamba ili zisifutwe haraka. Ukiandika wako unaweza kulegeza ule mpaka wa rangi pale ambapo vekta ya mwendo ni karibu na sifuri. Mimi lakini napenda kutibu waya wenyewe, njia ya Emil Persson inayoitwa Phone-wire AA: kwenye sheda ya vipeo unaunenepesha waya usipungue pikseli moja, na kwa kadiri ulivyounenepesha unaupunguzia uzito wa rangi. Waya wa 0.3 unakuwa wa pikseli 1 wenye uwazi wa asilimia 30, sasa kila fremu inaugusa na mkuzaji hana cha kufuta. Ila kumbuka, hiyo "pikseli moja" ni ya skeli ya sasa. Ukiiacha imeandikwa kwa 1080 itafanya kazi mpaka skeli ishuke, kisha utarudi hapa kuuliza tena.

Tekscha za ukuta na changarawe nazo zinachemka, kingo ziko poa.

Hiyo ni mipmapu. Ukichora kidogo GPU inachagua tekscha ndogo zenye ukungu, kwa hiyo unairekebisha kwa `log2(s)`, ambayo kwa 0.7 ni kama −0.51. Mwongozo wa FSR 2 unaongeza −1 nyingine, yaani −1.51, na kwenye tekscha zenye chembechembe nyingi au vyandarua hiyo inazidi. Anza na ile ya kwanza tu, shuka taratibu ukiangalia changarawe. Na usiibadilishe kila fremu, weka ngazi tatu nne tu, vinginevyo ukuta mzima unaonekana unapumua na skeli.

Kama kinachochemka ni vimulimuli vya mwanga kwenye chuma au maji, mipmapu haihusiki. Pikseli moja yenye mwanga mkali sana inaburuza wastani wote, kwa hiyo banisha mwangaza kabla ya kukusanya, ipe kila nukta uzito wa 1 ÷ (1 + mwangaza). Na zima kile kichujio cha kunoa mwishoni kabla hujahukumu chochote, kinaongeza chumvi kwenye kila kinachometa.

Kwa simu za bei nafuu je?

Kwa simu nyingi ambazo watu wetu wanashika, ukuzaji wa kutumia historia unakula muda mwingi kuliko unaouokoa. Mimi ningetumia MSAA 4x, ambayo kwenye GPU za simu zinazochora kwa vigae ni rahisi kwa sababu nukta za ziada zinamalizikia ndani ya chipu, halafu ukuzaji mwepesi wa fremu moja juu yake. Kingo zinalainishwa kabla ya kukuzwa, hakuna historia, hakuna waya unaofutwa. Vimulimuli vya ndani ya tekscha haitavigusa lakini. Na badilisha skeli kwa nadra, kwa sekunde kadhaa, ukifuata zaidi joto la simu kuliko fremu moja moja, kwenye Android kuna `getThermalHeadroom()` kwa ajili hiyo.

Skrinshoti zangu ni safi kabisa, mbona wachezaji wanalalamika?

Kwa sababu kumetameta hakuna kwenye picha moja, kuko kati ya picha na picha. Na video uliyoibana kupeleka mtandaoni nayo inakudanganya, kubana kunakula kutetemeka kudogo kwanza. Funga skeli kwenye 0.7, simama, weka kamera kwenye kitu chembamba, hifadhi fremu 32 mfululizo bila kubana, kisha toa kila fremu kutoka kwenye inayofuata na uzidishe tofauti mara 10. Kamera ikiwa imesimama na hakuna kinachosogea, picha hiyo inatakiwa iwe nyeusi karibu yote. Kinachong'aa humo ndo wanacholalamikia. Halafu rudia huku skeli ikipanda na kushuka kati ya 0.6 na 0.9, na kama kuna kitu kimewaka safari hii ambacho mwanzo kilikuwa cheusi, kosa sio la mkuzaji, tafuta namba uliyoiandika kwa ukubwa wa skrini mahali ilipotakiwa kufuata skeli.